Kura ya aliyekwenda dago: tangazo la mkutano mkuu lililoturudisha ukumbini mara mbili

Mstari uliotuponza ulikuwa wa mwisho kabisa kwenye tangazo, chini ya sahihi ya katibu, umeandikwa kwa herufi ndogo: "Mwanachama ambaye hatafika atume maoni yake kwa barua au kupitia mwanachama mwenzake." Maneno kumi na mawili tu. Yalitosha kuvuruga azimio moja la fedha, kuwagombanisha ndugu, na kutulazimu kuitisha mkutano mkuu mara ya pili ndani ya wiki sita.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi katika chama cha akiba na mikopo kwenye kijiji kimoja cha pwani, kusini ya Jiji la Tanga, barabara ya kwenda Pangani. Jina la chama naliacha, maana wahusika wote bado ni majirani zangu. Tuna wanachama 212. Wengi ni wavuvi wa dagaa na kina mama wa mwani, na waliobaki ni wachuuzi, mafundi boti na walimu wawili watatu. Kisa hiki nakieleza chote kwa sababu naamini vyama vingi vina mstari kama ule kwenye matangazo yao, na havijapata kujua ubaya wake kwa kuwa hakuna aliyewahi kushindwa kwa kura chache.

Tangazo la kwanza lilibandikwa Jumamosi tarehe 3 Mei 2025 kwenye mlango wa ofisi, msikitini na kwenye banda la mnada wa samaki. Mkutano ulipangwa Jumamosi tarehe 24 Mei, saa 3:00 asubuhi, katika darasa la shule ya msingi. Ajenda zilikuwa zile zile za kila mwaka: kufungua na kuhakiki akidi, kuthibitisha ajenda, muhtasari wa mkutano uliopita na yatokanayo, taarifa ya bodi, hesabu zilizokaguliwa za mwaka ulioishia Desemba 2024, kisha namba 7 ikiwa na maneno matatu, "Ukomo wa madeni", halafu makisio, uchaguzi wa mjumbe mmoja wa bodi, mengineyo, kufunga.

Kwa asiyezifahamu shughuli za ushirika, ukomo wa madeni ni kiwango cha juu kabisa ambacho chama kinaruhusiwa kudaiwa. Bodi haiwezi kukopa kupita hapo. Wanachama ndio wanaokipanga kwenye mkutano mkuu, kisha kinapelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika akiridhie. Si ajenda ya kupita haraka, kwani fedha ikikopwa na ikashindwa kurudi, akiba za watu ndizo zinazotikisika. Mwaka ule bodi ilikuwa na jambo zito moyoni: kukopa ili tununue mashine ya barafu, tuache kuuza dagaa na samaki kwa bei ya kutupa kila barafu ya mchuuzi inapochelewa. Kiasi walichokuwa nacho kichwani kilikuwa shilingi milioni 60. Lakini kwenye tangazo kiasi hicho hakikuandikwa popote. Kilitembea kwa mdomo, kutoka baraza hadi baraza.

Kabla sijafika kwenye kura, niseme juu ya tarehe, maana ndiyo iliyozaa wasiokuwepo. Mwezi mwandamo ulitarajiwa usiku wa 27 Mei, kwa hiyo tarehe 24 tulikuwa kwenye giza. Mvuvi wa dagaa anayetumia taa hakai nyumbani wakati wa giza. Anasubiri mbalamwezi ndipo apumzike na kushona nyavu. Juu ya hayo, siku hizo hizo bamvua lilikuwa linaanza, maji yanakupwa mbali asubuhi, na mama wa mwani hupata saa chache tu za kuingia shambani kufunga mbegu na kuvuna. Ukimwambia achague kati ya mkutano na bamvua, atachagua bamvua, na hana kosa. Walioketi kupanga tarehe walitazama kalenda ya ukutani. Hawakutazama mwezi. Kundi la tatu la wasiokuwepo ni wale waliokwenda dago, yaani waliohamia kambi za mbali kwa majuma, wengine Kipumbwi, wengine Pemba. Hao hata ungepanga tarehe gani, baadhi wangekosekana.

Basi siku ilipofika tulikuwa 118 darasani. Masharti yetu yanataka akidi ya nusu ya wanachama wote, yaani 106, hivyo tulianza bila wasiwasi. Mezani kwa katibu palikuwa na rundo la karatasi. Nilizihesabu mwenyewe baada ya mkutano: 41. Karatasi 17 zilikuwa barua za watu walioandika kwa mkono wao. 15 zililetwa na wanachama watatu kwa niaba ya wenzao, na kati ya hizo 9 zilikuwa na mwandiko mmoja, wino mmoja, hata kosa moja la herufi, "ukomo wa madini". Zilizobaki 9 zilikuwa picha zilizotumwa kwenye simu ya katibu, naye akazinakili kwenye daftari.

Kilichoandikwa ndani ndicho kilichonishika. Mmoja aliandika, "Mimi nakubaliana na bodi." Kwa lipi? Hesabu, makisio, mkopo? Mwingine aliandika, "Mashine ndiyo, milioni sitini hapana." Bibi mmoja wa mwani alimtuma mjukuu aandike, "Nitakubali watakachokubali wenzangu." Huyo hakutoa kura. Alitoa imani yake, na kura haihesabiwi hivyo. Nilipojitahidi kuzigawa, nikiwapa kila nafasi ya kueleweka, nilipata 12 za ndiyo na 29 za hapana, zote zikizungumzia milioni 60 walizozisikia barazani.

Ukumbini mambo yakageuka. Mwalimu mmoja alisimama, akatoa hesabu ya marejesho ubaoni kwa chaki, akaonyesha kwamba kwa mapato yetu milioni 60 zingetubana miezi ya kusi, bahari inapochafuka na boti hazitoki. Akapendekeza 35, tununue mashine ndogo kwanza. Bodi ikakubali kurekebisha hoja papo hapo. Mwenyekiti akaita kura ya mikono: 64 ndiyo, 54 hapana. Akatangaza limepita. Barua hazikufunguliwa.

Jumatatu simu zikaanza. Nahodha mmoja aliyekuwa dago alinipigia na kuniuliza kwa sauti ya chini, si ya ugomvi, "Kaka, kura yangu ilikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Tangazo lilimwambia atume, akatuma, akalipa hata nauli ya barua kwenye basi. Wengine walifanya hesabu: ukijumlisha 12 na 64 unapata 76, ukijumlisha 29 na 54 unapata 83, basi azimio limeanguka. Waliokuwepo ukumbini wakajibu kwamba wale 29 walikataa milioni 60, na darasani tulipigia kura 35. Pande zote mbili zilisema kweli, na hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Anayepiga kura akiwa mbali hupigia kura maneno, na maneno yenyewe yalibadilika baada ya yeye kuyapigia. Huwezi kumhesabu hapana, kwa kuwa 35 hakuulizwa. Huwezi kumhesabu ndiyo. Na huwezi kumwacha nje kimya kimya ikiwa tangazo lako lilimkaribisha.

Alhamisi tuliketi, bodi na kamati ya usimamizi, pamoja na afisa ushirika. Yeye hakutaka kujua nani ana hasira. Aliomba vitu viwili: daftari la masharti ya chama, na tangazo lenyewe. Akasoma masharti kwa sauti. Yanasema mwanachama asiyeweza kuhudhuria "anaweza kupiga kura ya siri kwa maandishi juu ya azimio lililoandikwa kwa ukamilifu kwenye taarifa ya mkutano", na yanasema mwanachama hatapiga kura kupitia mtu mwingine. Kumbe jibu lilikuwa kabatini muda wote. Tangazo letu lilikiuka sehemu zote mbili: halikuandika azimio, na liliruhusu mtu kumtuma mwenzake.

Hapa niweke jambo moja wazi, kwa sababu nimeona watu wakinakili tangazo letu la pili na kulibandika kwao. Kura ya asiyekuwepo inatoka kwenye masharti yaliyosajiliwa. Haitoki kwenye tangazo. Kama masharti yenu hayasemi lolote juu yake, katibu hana uwezo wa kuianzisha kwa kuandika mstari mmoja chini ya ajenda. Kwanza masharti yarekebishwe na mkutano mkuu, marekebisho yasajiliwe na Mrajis, ndipo tangazo liseme.

Afisa alituonyesha pia kosa ambalo hakuna aliyelitambua. Masharti yanataka siku 21 kamili kati ya tangazo na mkutano, bila kuhesabu siku ya kubandika wala siku yenyewe ya mkutano. Katibu alitoa 3 kwenye 24 akapata 21. Lakini kuanzia tarehe 4 hadi 23 ni siku 20. Siku moja imepungua. Mtu mwenye nia ya kupinga asingehitaji hata kugusa barua. Siku hiyo moja ingemtosha. Tangu hapo nahesabu kwa vidole, siku kwa siku, sitoi.

Tukakubaliana azimio lisipelekwe kwa Mrajis, na mkutano uitishwe upya kwa ajenda ile ya ukomo pamoja na uchaguzi. Kazi ya kuandika utaratibu tulipewa mimi na yule mwalimu wa chaki.

Tulianzia kwenye swali la nahodha, tukarudi nyuma. Ili kura yake ihesabike, hoja isibadilike baada ya yeye kupiga. Ili isibadilike, mjadala wa kiasi uishe kabla ya tangazo. Kwa hiyo Ijumaa tarehe 30 Mei tulibandika tangazo la awali tukieleza nia ya kukopa, na kuomba mapendekezo ya kiasi na masharti ya mkopo kwa maandishi hadi Jumanne tarehe 10 Juni. Yalikuja manane. Bodi ikayapima, ikabaki na milioni 35. Ijumaa tarehe 13 Juni ndipo likatoka tangazo lenyewe, kwa mkutano wa Jumamosi tarehe 5 Julai. Kuanzia 14 Juni hadi 4 Julai ni siku 21 kamili. Na safari hii tulitazama mwezi: robo ya kwanza ilikuwa tarehe 2 Julai, maji mafu, mwani haushikiki vizuri, na mwezi unaangaza nusu ya kwanza ya usiku, hivyo boti nyingi zingekuwa na muda wa kurudi.

Sehemu ya tangazo iliyohusu kura tuliiandika hivi:

"Ajenda Na. 4. Azimio: Mkutano unaidhinisha ukomo wa madeni wa chama kuwa shilingi 35,000,000 kwa mwaka 2025, kwa ajili ya kununua mashine ya barafu peke yake. Jibu ni NDIYO au HAPANA. Maneno ya azimio hili hayatabadilishwa ukumbini. Likikataliwa, ukomo wa sasa unaendelea.

Ajenda Na. 5. Uchaguzi wa mjumbe mmoja wa bodi. Majina yatapendekezwa ukumbini, hivyo asiyekuwepo hatapiga kura kwa ajenda hii.

Mwanachama atakayekuwa mbali achukue karatasi ya kura na bahasha mbili ofisini, au aombe atumiwe, kuanzia Jumatatu tarehe 16 Juni. Karatasi iwekwe ndani ya bahasha ndogo isiyo na jina, ifungwe. Bahasha ndogo iwekwe ndani ya bahasha kubwa yenye jina, namba ya uanachama, na sahihi au dole gumba la mwenyewe. Ifike kwenye sanduku la ofisi kabla ya Alhamisi tarehe 3 Julai, saa 10:00 jioni. Bahasha hazihesabiwi katika akidi. Aliyetuma bahasha kisha akafika ukumbini atarudishiwa ikiwa haijafunguliwa, naye atapiga kura pamoja na waliohudhuria."

Kila sentensi hapo ina sababu yake, na mbili zilibishaniwa sana. Ya kwanza ni ile ya uchaguzi. Wengine waliona tunawanyima watu wa dago haki. Lakini jina likitajwa asubuhi ya mkutano, aliye Pemba angelipigiaje kura? Tungeweza kufunga mapendekezo mapema kama tulivyofanya kwa mkopo, ila muda haukutosha, tukaona ni heri kusema wazi kuliko kuwapa karatasi yenye nafasi tupu. Ya pili ni ya akidi. Bodi ilitamani bahasha zihesabiwe, ili mkutano usije ukakwama. Mimi nilikataa, na bado nakataa. Akidi ipo ili wawepo watu wa kutosha wa kusikia hesabu, kuuliza na kumkatalia mwenyekiti. Bahasha haiulizi swali. Chama kinachoweza kufikisha akidi kwa bahasha kinaweza siku moja kufanya mkutano mkuu na watu kumi na sanduku.

Sanduku letu lilikuwa la mbao, limetengenezwa na fundi boti, lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao mwenyekiti wa kamati ya usimamizi, mwingine alikaa nao bibi mmoja wa mwani asiye kiongozi wa chochote. Manahodha waliruhusiwa kubeba bahasha za wenzao, kwa kuwa sasa wanabeba barua iliyofungwa, hawabebi kura ya mtu mdomoni.

Tarehe 5 Julai tulikuwa 131. Akidi ilihakikiwa kwa daftari. Kisha, kabla ya kura, sanduku likafunguliwa mbele ya wote: bahasha 27. Wawili kati ya wenyewe walikuwa wamekaa darasani, wakarudishiwa. Zikabaki 25. Mwalimu akazisoma moja moja kwa sauti, jina na namba, mwingine akiweka alama daftarini, ili asiwepo wa kupiga mara mbili. Mbili zilikataliwa papo hapo: moja haikuwa na sahihi wala dole, nyingine namba yake ilikuwa ya mtu mwingine. Bahasha kubwa 23 zikafunguliwa, zikawekwa kando, na sasa tulikuwa na bahasha ndogo zisizo na jina. Zikachanganywa mezani kama karata, zikafunguliwa. Moja ilikuwa na karatasi mbili, ikaharibika. Karatasi 22 zikatiwa, bado zimekunjwa, kwenye sanduku lile lile ambamo waliokuwepo wangetia zao.

Hilo la kuchanganya lilituchukua muda kulielewa. Ukihesabu kura za bahasha peke yake, kesho kila mtu atajua watu wa dago walisema nini, na kijijini siri ya watu ishirini si siri. Lakini ili zichanganyike, hata waliomo ukumbini wapige kwa karatasi zenye muhuri ule ule. Mikono haichanganyiki na karatasi. Kwa hiyo kura ya mikono tuliyoizoea miaka yote iliondoka kwa ajenda ile.

Waliohudhuria walitia karatasi 131, na kati ya zote 153 tatu zikaharibika. Kura halali zilikuwa 150: ndiyo 93, hapana 57. Azimio lilipita, na hakuna aliyesimama kupinga hesabu. Mjadala ulikuwepo, mkali tu, lakini ulikuwa juu ya mashine na marejesho.

Kuna jambo ambalo hatujalipatia dawa. Wanachama kadhaa hawasomi. Ukumbini tunawasaidia kwa kuwaeleza na kuwaacha waweke alama wenyewe. Nyumbani, aliye na bahasha humtegemea mtoto au mume amsomee, na hapo siri inamalizikia. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nilimwambia mume wangu hapana, sijui aliandika nini." Tunafikiria kuchora alama mbili kwenye karatasi, lakini alama hazimzuii mume kuketi pembeni. Kwa sasa tunawasihi wanaoishi kijijini waje ukumbini, na bahasha tuwaachie walio mbali kweli.

Bahasha ya ishirini na nane ililetwa na basi Ijumaa jioni, siku moja baada ya muda kwisha. Ilikuwa ya nahodha yule aliyenipigia simu. Walikuwepo waliosema ipokelewe, kwa kuwa yeye ndiye chanzo cha utaratibu wote. Haikupokelewa. Tuliandika saa na tarehe juu yake, tukaiambatisha kwenye muhtasari ikiwa imefungwa. Aliporudi kutoka dago alikuja ofisini, nikamwonyesha, nikamweleza kwamba gari liliharibika njiani. Aliigeuza, akatazama gundi kama imeguswa, akaona haijaguswa. Kisha akauliza karatasi za mwaka ujao zitaanza kutolewa lini.